Filamu ya harusi ya dakika 5: kuandika mswada na kupanga shoti kabla ya siku yenyewe

Zima sauti ya filamu nyingi fupi za harusi na hutakosa kitu. Gauni linaning'inia dirishani, pete zinang'aa, watu wanacheza kwa mwendo wa taratibu, muziki unapanda. Badilisha nyuso tu na filamu hiyo ingewafaa maharusi wengine wowote.

Njia ninayoieleza hapa inaanzia upande wa pili, kwenye maneno. Siku ya harusi watu husema mambo ambayo hawatayasema tena: kwenye viapo, kwenye hotuba, na katika minong'ono ya mlangoni. Maneno hayo ndiyo mswada wa filamu, na kila shoti hupangwa ili iyabebe. Kwa kuwa huwezi kujua mapema nani atasema nini, mswada huandikwa mara mbili: mara ya kwanza kabla ya harusi, ukiwa na nafasi wazi, na mara ya pili ukiwa umekwisha kusikiliza sauti zote.

Nitatumia harusi moja niliyoirekodi na mwenzangu kama mfano kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tulikuwa wapiga video wawili, kila mmoja na kamera yake. Tendo la kufunga ndoa lilichukua kama dakika 40, na hotuba zilikuwa tatu: mjomba wa bi harusi, dada wa bwana harusi, na bwana harusi mwenyewe. Filamu ilitakiwa iwe ya dakika 5.

Mazungumzo yanayozaa mswada

Kaa na maharusi wiki mbili au tatu kabla. Ratiba utaipata kwa maandishi, kwa hiyo usiimalizie muda huo. Uliza maswali yanayofungua hadithi. Nani amekulea? Nani atakuwepo ambaye hukutarajia angeweza kufika? Nani hatakuwepo? Ni nani akisimama kuongea ukumbi mzima utacheka, na nani ataanza kulia kabla hajasema neno?

Bi harusi wetu alijibu swali la kwanza kwa sentensi moja: alilelewa na bibi yake, aliyekuwa mzee sana na hakuwa kwenye orodha ya wasemaji. Hapo ndipo nilipopata uzi wa filamu. Mtu muhimu kuliko wote, baada ya maharusi wenyewe, hangeshika maiki hata mara moja, na kama tusingempangia shoti zake mapema angeonekana kwenye filamu mara moja tu, kwenye picha ya pamoja.

Usiombe kusoma hotuba za watu kabla. Nimewahi kufanya hivyo, na msemaji alipojua kuwa kuna sentensi ninayoisubiri aliisema kama mtu anayesoma tangazo. Omba mambo mawili tu: orodha ya wasemaji kwa mpangilio, na uhusiano wa kila mmoja na maharusi. Hayo yanatosha kukuambia ni uso wa nani utakaobadilika mtu fulani anapoongea.

Mswada wa kwanza, wenye nafasi wazi

Gawa dakika 5 katika vipande, na katika kila kipande andika mambo mawili: sauti ya nani inasikika, na macho yanaona nini. Sauti za watu zichukue karibu nusu ya filamu, yaani kati ya dakika 2 na sekunde 15 na dakika 2 na sekunde 45. Zikizidi hapo filamu inakuwa hotuba yenye picha. Zikipungua sana unarudi kwenye ile filamu ya kuzima sauti.

Mswada wetu wa kwanza ulikuwa hivi:

- 0:00–0:40. Maandalizi. Sauti: mjomba, kisa cha utotoni (nafasi wazi, sekunde 25). Picha: mikono ya bibi, bi harusi akivaa.
- 0:40–1:10. Kuingia. Muziki peke yake. Picha: uso wa anayesubiri kwanza, kisha anayeingia.
- 1:10–2:45. Kufunga ndoa na kutoka. Sauti: viapo vya wote wawili (nafasi wazi, dakika 1). Picha: nyuso, pete, bibi akitazama.
- 2:45–4:00. Hotuba. Sauti: dada, kisha bwana harusi (nafasi wazi, dakika 1). Picha: wasikilizaji kuliko wasemaji.
- 4:00–5:00. Furaha na mwisho. Sauti: kitu kidogo ambacho hatukijui bado.

Angalia kwamba hotuba ya mjomba imewekwa mwanzoni, ingawa siku yenyewe angeongea usiku. Filamu fupi haifungwi na saa. Sauti ya hotuba ikitembea juu ya picha za asubuhi, mtazamaji anakutana na bi harusi huku akisimuliwa habari zake. Lakini kuna mpaka ninaoushika: unaweza kuhamisha sentensi nzima, usiunganishe nusu ya sentensi hii na nusu ya ile hadi mtu aseme jambo ambalo hakulisema. Wenyewe wataisikia, na hawatakuamini tena.

Mswada huu unakupa pia hesabu ya shoti. Kila shoti ikikaa sekunde 4 kwa wastani, dakika 5 zinahitaji shoti 75. Ni chache kuliko watu wanavyodhani. Ukirudi na video 900 za sekunde mbili mbili umejitwisha kazi ya siku kadhaa bila faida.

Sauti kabla ya kamera

Shoti ikiharibika utatafuta nyingine. Kiapo kisiposikika hakuna cha kukifidia. Kwa hiyo kila sentensi muhimu irekodiwe na vyombo viwili visivyotegemeana.

Wakati wa kufunga ndoa, mbane bwana harusi maiki ndogo kwenye nguo, kama shibiri moja chini ya kidevu, iunganishwe na rikoda iliyo mfukoni mwake. Kwa kuwa maharusi husimama wakitazamana karibu, maiki hiyo hiyo itanasa sauti ya bi harusi vizuri, nawe hutalazimika kuhangaika na gauni wala mikufu inayogongana. Chombo cha pili kiwe karibu na mfungishaji ndoa au kwenye meza iliyo mbele yao.

Kwenye hotuba, omba mstari wa sauti kutoka mashine ya fundi mitambo, lakini usiutegemee peke yake. Fundi akipandisha muziki ghafla, au mstari wake ukiwa na nguvu kuliko rikoda yako inavyoweza kupokea, sauti inapasuka na haitengenezeki. Weka rikoda nyingine ndogo karibu na spika, au ifunge kwenye maiki anayoishika msemaji.

Pima sauti mtu akiongea kwa kawaida: mshale ucheze karibu na desibeli -18 na vilele vifike kama -12. Nafasi inayobaki juu ni ya kicheko na vigelegele. Ikigusa 0, imekatika.

Piga kofi moja kubwa mbele ya kamera zote mwanzoni, na jingine mwishoni. Kofi la kwanza linakusaidia kupanga sauti na picha wakati wa kuhariri. La pili linakuonyesha kama rikoda na kamera zimeachana njiani, kwa sababu kila chombo kina saa yake, na katika saa nzima tofauti ya fremu chache si ajabu. Utaitambua midomo ikianza kuchelewa kuelekea mwisho wa tendo ingawa mwanzoni ilikuwa sawa.

Jambo la mwisho kuhusu sauti ndilo lililotupatia mwisho wa filamu yetu: usizime rikoda ya bwana harusi tendo likiisha. Iache iendelee hadi watoke nje na kupongezwa. Mwambie mapema kwamba inarekodi, umwahidi kwamba mazungumzo ya faragha utayafuta, kisha uyafute kweli.

Kufunga ndoa: nani anasimama wapi

Kamera ya kwanza ikae kwenye stendi, iwaone maharusi wote wawili na mfungishaji, na isizimwe wala isiguswe kuanzia kuingia hadi kutoka. Haitoi shoti nzuri kuliko zote, lakini kila shoti nyingine ikiharibika hii ndiyo inayokuokoa. Kamera ya pili inatembea. Ukiwa peke yako, ya kwanza iache kwenye stendi na wewe uwe ya pili.

Kabla ya kuiamini kamera hiyo hakikisha mambo mawili. Kamera nyingi za zamani kidogo hujizima zikifika dakika 29 na sekunde 59. Kama yako ni ya aina hiyo, izime na uiwashe wewe mwenyewe wakati usio na jambo, kwa mfano maharusi wanapokaa, isije ikajizima katikati ya kiapo. Pili, piga hesabu ya kadi. Ukirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja inakula gigabaiti 45, kwa hiyo dakika 40 zitakula 30. Kadi iliyobaki na gigabaiti 20 kutoka asubuhi itajaa wakati mbaya kuliko wote.

Kamera zote mbili zikae upande mmoja wa mstari unaowaunganisha maharusi. Yaani, kama ukichora mstari kutoka uso wa bwana harusi hadi uso wa bi harusi, usiweke kamera moja upande wa wageni na nyingine nyuma ya mfungishaji bila sababu. Ukivuka mstari huo, katika kamera moja bi harusi atatazama kushoto na katika nyingine kulia, na ukizipanga pamoja wataonekana kama wote wawili wanatazama upande mmoja badala ya kutazamana.

Kuna nyakati nne za kuandika kwenye karatasi ya shoti, kila moja na mtu anayehusika nayo.

Kuingia. Wageni wote wanageuka kumtazama anayeingia, na simu zinapanda juu. Kamera ya pili ifanye kinyume: imtazame anayesubiri mbele, tangu sekunde 20 kabla ya mlango kufunguliwa. Uso wake hubadilika mara moja tu, na hubadilika mapema kuliko unavyotarajia. Anayeingia yuko salama kwenye kamera ya stendi, na baada ya uso ule kupatikana ya pili inaweza kumgeukia.

Viapo. Anayeapa na anayesikiliza wana uzito sawa. Tulikubaliana kwamba wakati bwana harusi anaapa, kamera ya pili ibaki kwa bi harusi, na kinyume chake. Katika kuhariri tulikuwa na neno kutoka kwa mmoja na macho ya mwenzake.

Pete. Hii ndiyo shoti inayokosekana mara nyingi kuliko zote, kwa sababu mikono ya anayevisha huficha kidole. Kwenye mazoezi, au kwa kuuliza tu, jua ni mkono upi utakaovishwa na utanyooshwa upande gani. Simama mbali kidogo upande huo, tumia lenzi ndefu, milimita 85 au zaidi, na panga fokasi kwenye mikono wakati pete bado iko mkononi mwa msimamizi. Kidole kikifichwa, usihangaike kusogea. Panda usoni. Tabasamu la mtu ambaye pete imekwama kwenye kifundo cha kidole ni bora kuliko pete yenyewe.

Kutoka. Kamera ya pili itangulie nje kabla hawajageuka. Ukiwafuata kwa nyuma utapata migongo.

Shoti ya tano ilikuwa ya harusi hii tu: bibi. Tulijua atakaa mstari wa mbele upande wa kulia, kwa hiyo kwenye karatasi tuliandika mara tatu za kumtazama: bi harusi anapopita mbele yake, viapo vinapoanza, na mara baada ya kutangazwa kuwa ndoa imefungwa. Kama tusingeyaandika, hakuna ambaye angekumbuka kumgeukia.

Zungumza pia na mpigapicha wa mnato asubuhi. Mwonyeshe kamera yako ya stendi iko wapi na umuulize yeye atasimama wapi wakati wa pete. Dakika mbili za maelewano zinakuondolea mgongo wake katikati ya filamu.

Hotuba zinapigwa kwa kutazama wasikilizaji

Kanuni ya hotuba ni nyepesi kuisema na ngumu kuishika: kamera moja kwa msemaji, nyingine isimtazame msemaji kabisa. Nimewahi kurudi na hotuba ambayo sote wawili tulivutwa na msemaji, kwa sababu alikuwa anachekesha kweli. Tulikuwa na pembe mbili za mtu mmoja. Bi harusi alilia wakati wa hotuba hiyo, watu walitusimulia, na hatukuwa na hata fremu moja ya machozi yake.

Kamera ya pili ianze kwa maharusi, kisha iende kwa yule anayetajwa. Hapa ndipo orodha ya uhusiano inapofanya kazi. Mjomba akitaja utoto wa bi harusi, kamera tayari iko kwa bibi. Usisubiri kicheko ndipo ugeuke, kwa kuwa kicheko cha kweli kiko katika sekunde mbili za kwanza. Baada ya hapo watu wanapiga makofi na nyuso zinafanana.

Kabla ya hotuba, zungumza na mshereheshaji kuhusu mahali msemaji atakaposimama. Omba asiwe na dirisha au skrini inayong'aa nyuma yake, na awe mahali ambapo akiwatazama maharusi uso wake hautageuka kabisa kutoka kwenye kamera. Kama taa za ukumbi zinaleta mistari inayotembea kwenye picha, linganisha spidi ya shata na umeme wa mahali hapo: 1/50 au 1/100 penye umeme wa hezi 50, 1/60 au 1/120 penye hezi 60. Taa za rangi za jukwaani wakati mwingine hukataa hata hapo. Basi sogeza pembe ili zisiwe nyuma ya uso.

Uwe na daftari dogo. Kila ukisikia sentensi iliyotulia ndani yako, andika saa, msemaji na neno moja. Andika saa kama kamera inavyoionyesha: kama skrini inasema 20:14, usiandike saa 2:14 usiku, maana wakati wa kutafuta faili utachanganyikiwa. Katika hotuba ya mjomba, iliyochukua dakika 7, niliandika mistari minne. Mmoja ulisomeka: "20:14 mjomba, barua".

Shoti za kuvizia

Watu husema shoti za kuvizia hazipangwi. Tukio halipangwi, lakini mahali pa kulisubiri panapangika. Watu hujisahau wakiwa wanasubiri jambo au jambo likiwa limetoka kuisha. Kwa hiyo karatasi yetu iliorodhesha mahali na dakika: ngazi za nje mara baada ya kutoka, pembeni ya kioo wakati wa kuvaa, meza ya wazee hotuba zikiisha, mlango wa ukumbi kabla ya maharusi kuingia.

Fika hapo, simama mbali, weka lenzi ndefu, na utulie. Dakika ya kwanza watu watakutazama. Ya tatu wamekusahau. Ukipata kitu, kaa nacho sekunde 10 bila kutikisa kamera, hata kama unahisi kimeisha. Mtu akimtengeneza mwenzake kola, utamu hauko kwenye kola. Uko katika jinsi anavyomtazama baada ya kumaliza, na hiyo ni sekunde ya saba au ya nane.

Tafuta watu wawili wawili. Maua, viatu na keki vitakupa shoti tatu au nne za kupumzishia macho, zaidi ya hapo ni mapambo. Mkono wa mtu juu ya bega la mwingine unaweza kukaa chini ya sentensi yoyote ya hotuba.

Kwa mwendo wa taratibu, rekodi fremu 50 kwa sekunde kama filamu yako ni ya fremu 25, utapata nusu ya spidi iliyo laini. Lakini usirekodi hivyo mtu anapoongea au kucheka kwa sauti. Kicheko kilichopunguzwa mwendo kinapoteza sauti yake, na sauti ndiyo tuliyoifuata.

Kuna shoti za kuziacha. Mtu aliyejitenga kulia hakujitenga ili arekodiwe. Ukiwa umeshamnasa, muulize baadaye. Na watoto wa wageni, uliza wazazi wao.

Rekodi pia sekunde 30 za sauti ya kila mahali bila mtu kuzungumza karibu: chumba cha kuvalia, ukumbi kabla ya wageni, nje. Sauti hizo zitaziba mapengo kati ya sentensi.

Mswada wa pili: masikio kwanza

Nakili kadi zote kwenye diski mbili kabla ya kufuta chochote. Kisha sikiliza viapo na hotuba bila kutazama picha. Andika kwa mkono kila sentensi uliyoiwekea alama na urefu wake kwa sekunde.

Mjomba alikuwa amesema: "Alipokuwa na miaka sita alikuwa akimsomea bibi yake barua. Akifika kwenye neno gumu, analiruka. Bibi anamwambia: rudi." Sekunde 14. Dada wa bwana harusi: "Kaka yangu hajui kuomba msamaha kwa mdomo. Mkigombana leo, kesho utakuta baiskeli yako imetiwa upepo." Sekunde 11. Na bwana harusi, akiwa amesikia hotuba ya mjomba dakika chache kabla, alimgeukia bibi na kusema: "Bibi, asante kwa kumfundisha kutoruka maneno magumu." Sekunde 6.

Tazama jinsi sentensi ya tatu inavyoijibu ya kwanza. Hakuna ambaye angeiandika kabla, lakini mswada wa kwanza ulikuwa umeiachia nafasi, na kamera ya pili ilikuwa kwa bibi sentensi hiyo iliposemwa kwa sababu karatasi ilisema hivyo.

Panga sauti pekee kwenye mstari wa kuhariria hadi hadithi ieleweke kwa macho yaliyofumbwa. Ndipo uweke picha. Muziki uje baada ya sauti, uchaguliwe kulingana na mwendo wa wasemaji, uwe na leseni inayoruhusu matumizi yako, na ushuke vya kutosha mtu anapoongea. Muziki usio na leseni huweza kunyamazishwa kwenye mitandao, na hapo viapo vitanyamazishwa pamoja nao.

Mswada wa mwisho ukawa huu:

- 0:00–0:12. Bila muziki. Sauti ya chumba, vidole vya bibi vikifunga kifungo cha nyuma cha gauni.
- 0:12–0:40. Mjomba na kisa cha barua, juu ya bi harusi akisoma kadi aliyoandikiwa. Neno "rudi" linaangukia kwenye uso wa bibi. Muziki unaanza baada ya neno hilo.
- 0:40–1:10. Muziki. Bwana harusi akisubiri, sekunde 6 nzima. Mlango. Bi harusi akipita mbele ya bibi.
- 1:10–2:20. Viapo. Bwana harusi alikwama katikati kwa sekunde 4, nasi tuliuacha ukimya wote, kamera ikiwa kwa bi harusi. Pete.
- 2:20–2:45. Kutoka, kelele za kweli, muziki chini.
- 2:45–3:25. Dada na baiskeli. Msemaji anaonekana kwa sekunde 3 ili tumjue, halafu bwana harusi akificha uso kwa kiganja, halafu meza ya marafiki.
- 3:25–4:00. Bwana harusi kwa bibi. Baada ya sentensi, sekunde 5 za bibi bila neno.
- 4:00–4:45. Kucheza, shoti za kuvizia, muziki juu.
- 4:45–5:00. Muziki unakatika. Ngazi za nje.

Sekunde zile 15 za mwisho zilikuwa tupu hadi siku ya tatu ya kusikiliza. Katika rikoda ya bwana harusi, dakika 6 baada ya tendo kuisha, katikati ya pongezi, kulikuwa na sauti nyembamba ya bibi: "Mshike mkono, ngazi ile inateleza." Kamera ya pili ilikuwa kwenye ngazi kama ilivyoandikwa. Mkono wa bwana harusi unaonekana ukimtafuta mwenzake bila yeye kutazama, wanashuka ngazi moja, ya pili. Kabla ya kuitumia tulimpigia bi harusi tukamsomea sentensi hiyo, naye akamuuliza bibi yake. Alikubali, akataka tu isikike vizuri, kwa hiyo tukapunguza kelele za wageni chini yake na kuacha sekunde mbili za skrini nyeusi bila sauti yoyote.

Hotuba tatu kamili na viapo vyote, vikiwa vimeunganishwa kutoka kamera mbili bila kukatwa, tuliwapa kwenye faili la pekee.